Akaunti ya Benki Uingereza Bila Bili ya Umeme

Mchukue muuguzi aliyetoka Mombasa kwenda kufanya kazi Leeds. Amepanga chumba katika nyumba ya watu watano, na pango lake limejumlisha umeme, gesi na maji, kwa hiyo bili zote huja kwa jina la mwenye nyumba. Hospitali inamtaka alete namba ya akaunti kabla ya siku ya mshahara, na benki nayo inamtaka athibitishe anapoishi.

Wengi huogopa selfi, kumbe hiyo ndiyo sehemu nyepesi. Programu ya benki husoma pasipoti kwanza, kisha hulinganisha picha iliyomo na uso ulio mbele ya kamera, na mwisho huhakikisha kwamba uso huo ni wa mtu aliye hai, si picha iliyochapishwa. Ndiyo maana huambiwa ugeuze kichwa au useme maneno fulani kwa sauti. Ukikataliwa, mara nyingi tatizo ni mwanga. Ukikaa dirisha likiwa nyuma yako, kamera hupima mwanga wa dirisha na uso wako hutoka kiza kitupu, hasa kwa sisi wenye ngozi nyeusi. Geuka, ulitazame dirisha. Pasipoti nayo ilaze juu ya meza, pembe zake zote nne zionekane, na ule mng'ao wa plastiki usifunike herufi hata moja. Jina liandike kama lilivyo kwenye pasipoti, hata kama nyumbani hakuna anayekuita jina la babu.

Shughuli iko kwenye anwani. Ukishaijaza fomu, benki nyingi haziombi karatasi papo hapo. Huuliza kwanza kampuni zinazotunza kumbukumbu za mikopo, yaani Experian, Equifax na TransUnion, kama zinamjua mtu wa jina hilo katika nyumba hiyo. Mgeni hajulikani, na hapo ndipo bili inapodaiwa.

Sasa kuna mlango ambao wageni wengi kutoka kwetu hawaujui. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola, wakiwamo Wakenya, Watanzania, Waganda na Wanyarwanda, wanaoishi Uingereza kwa kibali halali, wana haki ya kujiandikisha kupiga kura huko. Mkongomani na Mrundi hawamo. Kampuni hizo tatu hupata daftari la wapiga kura, kwa hiyo jina lako likiingia humo, linaonekana pamoja na anwani yako. Kujiandikisha ni bure kupitia GOV.UK, na utaulizwa namba yako ya Bima ya Taifa. Daftari hurekebishwa karibu kila mwezi, ila ukijiandikisha majira ya vuli huenda ukasubiri daftari jipya linalotoka kufikia 1 Desemba. Andika anwani ile ile neno kwa neno kote, kwa sababu «Fleti 2, namba 14» na «14B» zinaweza kuhesabika kuwa nyumba mbili.

Muuguzi wetu lakini hawezi kungoja daftari na mshahara uko karibu. Anachoweza kufanya ni kuanza na benki ya simuni kama Monzo au Starling, ambazo kwa kawaida hufungua akaunti kwa kitambulisho na video bila kudai bili. Kadi hutumwa kwa posta, kwa hiyo anwani lazima iwe ya kweli na sanduku la barua liwe mahali salama. Katika nyumba ya watu watano hilo si jambo dogo. Akitaka benki ya kawaida, aulize kama inapokea barua ya mamlaka ya kodi, HMRC, au mkataba wa pango. Kila benki ina orodha yake, na bili ya simu ya mkononi mara nyingi haimo.

Atatokea mtu wa kumwuzia bili ya kughushi. Hapo asiguse. Benki ikigundua, inaweza kumripoti kwa Cifas, shirika la kupambana na ulaghai, na alama hiyo hukaa hadi miaka 6, ikiwafikia wanachama wake wengine, benki zikiwamo.

Na akikataliwa kabisa, aombe akaunti ya msingi. Kwa kanuni za mwaka 2015, benki kubwa zilizoteuliwa na serikali zinapaswa kuitoa kwa mkazi halali asiye na akaunti nyingine inayofaa, na kujibu ndani ya siku 10 za kazi baada ya kupokea ombi lililokamilika. Haziruhusiwi kuruka ukaguzi wa utambulisho, ila zikikataa hazina budi kumwandikia, na barua hiyo ndiyo ya kuanzia malalamiko. Kama benki haikumjibu vizuri ndani ya wiki 8, Financial Ombudsman Service hulisikiliza shauri lake bila malipo.