Bando Limekwenda Wapi? Michezo ya Mtandaoni kwa Hotspoti ya Simu

Jumamosi iliyopita, baada ya sala ya Isha, dada yangu aliyeko Kisauni alinipigia simu akiwa ameghadhibika. Alikuwa amemnunulia mwanawe bando la gigabaiti 2 ili acheze na binamu yake aishiye Dubai. Haikutimia saa nzima, ukaja ujumbe kwamba data imekwisha. Kijana aliapa kwamba alicheza mechi tatu tu. Mama hakumsadiki, nami nikaombwa nije kuamua.

Mchezo wenyewe ni Rocket League, kandanda ya magari, ambayo mechi yake ni ya dakika 5. Kijana huucheza kwa kipakatalishi, na intaneti huipata kwa hotspoti ya simu ya mamake, kwa kuwa nyumba yao haijaingizwa waya wa intaneti.

Ikabainika kwamba kijana alisema kweli. Watu wengi hudhani mchezo hula data kama filamu, kwa sababu wote wawili hujaza kioo kwa picha. Lakini picha za mchezo huchorwa na kipakatalishi chenyewe. Kinachosafiri hewani ni habari fupi fupi tu: gari liko wapi, mpira umeelekea upande gani, nani amebonyeza nini. Aghalabu michezo ya namna hii hutumia kati ya megabaiti 40 na 150 kwa saa. Mazungumzo ya sauti baina ya wachezaji huongeza makumi machache ya megabaiti. Gigabaiti 2, basi, zingemtosha kijana kwa jioni nyingi.

Mla data tulimpata ndani ya kipakatalishi. Katika Windows 11, fungua "Settings", kisha "Network & internet", kisha "Advanced network settings", na humo uchague "Data usage". Hapo kila programu huandikwa pamoja na kiasi ilichotumia. Mchezo ulikuwa umetumia megabaiti 31. Programu inayohifadhi michezo ilikuwa imetumia zaidi ya gigabaiti moja na nusu, kwani ilikuwa ikishusha masasisho ya mchezo mwingine ambao kijana hajaugusa tangu mwaka jana. Zilizosalia zilichukuliwa na masasisho ya mfumo. Kipakatalishi hakijui kwamba intaneti ile inanunuliwa kwa kipimo. Kilipoona waifai, kilidhani kimefika kwenye maji ya bure.

Dawa yake ni kukiarifu. Kikiwa kimeunganishwa na hotspoti, ingia "Network & internet", fungua sifa za waifai hiyo, uwashe "Metered connection". Hilo huuzuia mfumo kushusha mengi. Programu za michezo si zote zinazotii amri hiyo, kwa hiyo zima pia masasisho ya kujiendesha ndani ya programu yenyewe, mchezo baada ya mchezo. Kuna mtego hapa uliotupata sisi: alama hiyo hufungamana na jina la waifai. Ukibadilisha jina la hotspoti, au ukitumia simu nyingine, kipakatalishi huona mtandao mpya, nawe huna budi kuiwasha upya. Sasisho ambalo ni la lazima halikwepeki. Hilo kijana hulishusha kwa ami yake mwenye waya nyumbani, kabla ya siku ya mchezo.

Lalamiko la pili lilikuwa la kijana: "Mama mdogo, mpira unaruka. Nauona mbele yangu, nikiupiga haupo." Huko ndiko kuchelewa, na hakuna uhusiano na ukubwa wa bando. Kila unachobonyeza husafiri hadi kwenye seva ya mchezo na jibu hurudi. Muda wa safari hiyo ya kwenda na kurudi hupimwa kwa milisekunde, yaani sehemu za elfu za sekunde. Katika mchezo wa zamu, kama sataranji, hata 300 haidhuru. Katika kandanda, ikipita 150 mkono huanza kukosea.

Seva aliyokuwa akichezea ilikuwa ya Ulaya, nayo ilimpa zaidi ya 200. Tukahamia "Middle East". Mombasa na Ghuba zimeunganishwa tangu 2009 na waya wa TEAMS, unaopita chini ya bahari hadi Fujairah kwa takriban kilomita 5,000. Mwanga ndani ya waya huenda kama kilomita 200 kwa milisekunde moja, hivyo kwenda na kurudi peke yake ni 50. Ongeza 30 hadi 60 za safari kati ya simu na mnara wa 4G, nawe utaona kwamba kungojea chini ya 80 ni kujidanganya. Kwa nyumba ya Mombasa, 90 hadi 120 ni matokeo ya haki. Aidha, data hazifuati kila mara njia fupi. Huenda zikazungukia Ulaya kwanza. Jaribu kila eneo linaloorodheshwa na mchezo, uisadiki nambari kuliko ramani.

Nambari ilishuka hadi 105, lakini kila baada ya muda iliruka hadi 400. Mruko huo ndio unaoudhi kuliko kuchelewa kwenyewe, kwa kuwa mkono huizoea 105 iliyotulia. Ili kujua kosa liko wapi, tulifungua "Command Prompt" tukaandika:

```
ipconfig
ping -n 30 192.168.43.1
ping -n 30 8.8.8.8
```

Amri ya kwanza huonyesha "Default Gateway", nayo ndiyo anwani ya simu. Iweke hiyo mahali pa ile niliyoandika mimi. Amri ya pili hupima umbali kati ya kipakatalishi na simu tu, na ya tatu hupima hadi nje. Ikiwa ya pili nayo inaruka, kosa limo chumbani. Kwetu iliruka. Simu ilikuwa sebuleni, ukuta wa matumbawe katikati, na vipokea sauti vya bluetooth vikigombania masafa yale yale ya 2.4 GHz.

Tukaleta waya wa USB, tukawasha "USB tethering" kwenye simu, na miruko ya chumbani ikatoweka. Mtandao wa USB huhesabiwa kuwa mwingine, basi "Metered connection" iwashwe tena. Asiye na waya aibadilishe hotspoti iwe 5 GHz na aiweke simu karibu, chumba kile kile. Simu ikae dirishani, pasipo jua, maana ikipata joto sana hujipunguzia nguvu.

Yalibaki machache yaliyotoka nje, na chanzo kimoja kilikuwa dada wa kijana, aliyekuwa akitazama video kwa hotspoti ile ile. Ni kama feri ya Likoni: pikipiki ni ndogo, lakini ikikuta malori yamepanga foleni, itangoja. Alipofunga video, 105 ikatulia. Tangu hapo wamegawana saa: yeye hutazama alasiri, kijana hucheza baada ya chakula cha usiku. Saa mbili hadi saa nne usiku mnara wenyewe hulemewa na watu, na hilo hakuna mpangilio wa nyumbani unaoliondoa.

Mechi ya mwisho ilikatika ghafla wakiwa sare. Bibi alikuwa amepiga simu. Pale ambapo simu za sauti hazipiti kwenye 4G, simu ikilia, data huteremka kwenye 3G au husimama kabisa. Dada yangu alitafuta simu yake ya zamani, akaitia laini ya data ambayo nambari yake haijui mtu.