Sauti ya Tatu Inayoyumba

Mwaka 1906 Percy Grainger, mpiga piano mzaliwa wa Australia, alizunguka vijiji vya Lincolnshire, Uingereza, akinasa nyimbo za wanakijiji kwa fonografu, mashine iliyohifadhi sauti kwenye silinda za nta. Aliposikiliza tena na tena, aligundua kwamba mwimbaji, ndani ya wimbo uleule, aliiinua sauti ya tatu ya ngazi mahali pamoja na kuishusha pengine. Katika makala yake ya 1908 alieleza kuwa waimbaji wale walitumia ngazi moja legevu iliyochanganya hasa modi mbili, Doria na Miksolidia.

Mtunzi anayetaka wimbo wenye matumaini lakini usiofika mwisho anaweza kuanzia hapo. Kwenye kinanda, vitufe vyeupe kutoka D hadi D ya juu ndiyo Doria. Badili F iwe F shapu, umepata Miksolidia. Tofauti ni noti hiyo moja tu. F ina huzuni, F shapu ina mwanga. Hata Doria si giza tupu, kwa sababu sauti yake ya sita, B, iko juu kuliko katika ngazi ya kawaida ya huzuni. Modi zote mbili zina C chini ya D, toni nzima. C shapu ingeisukuma melodia irudi nyumbani D. C haina msukumo huo, ndiyo maana wimbo unabaki wazi.

Tujaribu mistari minne, mtu mmoja akivuma D chini bila kukoma:

D F G A, B A G A
A G F E, C D
D C B A, G F shapu A
A G F shapu D, C D E

C ya mstari wa pili na wa nne iko chini ya D ya kuanzia. Mstari wa tatu unaanzia D ya juu. Huzuni ya mistari miwili ya kwanza inafunguka F shapu inapoingia. Usiweke F na F shapu katika mstari mmoja, maana zikikaribiana mno msikilizaji hudhani umekosea. Mwisho nimechagua E. A nayo ingefaa, lakini juu ya mvumo wa D inatulia kupita kiasi.

Hatari kubwa ni nyumba kuhama. Noti za D Miksolidia ni zilezile za G meja, kwa hiyo ukiikalia G sana sikio litahamia huko. Mwimbie rafiki wimbo wote bila mvumo, unyamaze kwenye E, kisha umwombe aimbe noti anayotamani ifuate. Akiimba D, umefaulu. Akiimba G, rudi mstari wa tatu na wa nne uifupishe G.