King'ora Kinapopita, Sauti Hushuka

Ni alasiri katika kituo cha daladala kando ya Barabara ya Morogoro, Dar es Salaam. Abiria wanasikia king'ora kabla hawajaiona ambulensi. Magari yanasogea pembeni kuipisha, nayo inapita kwa kasi, na palepale inapowapita sauti iliyokuwa nyembamba inashuka na kuwa nene. Dereva hajagusa kitufe chochote. Nesi aliyekaa nyuma na mgonjwa hajasikia sauti ikishuka hata kidogo.

Kilichobadilika ni nafasi kati ya wimbi moja na jingine. Spika ya king'ora husukuma hewa mbele na kuivuta nyuma, na kila msukumo mmoja ni wimbi linalosafiri mpaka sikioni. Mawimbi yakifika mengi kwa sekunde, sikio husikia sauti nyembamba. Yakifika machache, husikia sauti nene. Katika joto la nyuzi 30, ambalo wakazi wa Dar es Salaam wanalijua vyema, sauti husafiri karibu mita 350 kwa sekunde.

Tuseme king'ora kinatoa mawimbi 700 kwa sekunde. Gari likiwa limesimama, mawimbi hayo hupangana hewani yakiachana sentimita 50. Sasa gari liende kilomita 72 kwa saa, yaani mita 20 kwa sekunde. Kabla ya kutoa wimbi linalofuata, tayari limesogea karibu sentimita 3. Kwa hiyo mbele ya gari mawimbi hubanana na kuachana sentimita 47 tu, na nyuma yake hutawanyika mpaka sentimita 53. Anayelisubiri gari hupokea mawimbi 742 kwa sekunde. Aliyekwisha kupitwa hupokea 662. Mwanakwaya atalitambua pengo hilo mara moja, kwa kuwa ni lilelile la kushuka kutoka re hadi do. Gari likipunguza mwendo hadi kilomita 36 kwa saa, pengo huwa nusu yake, kama kutoka fa hadi mi.

Aliyeeleza jambo hili kwanza ni Christian Doppler, mwanafizikia wa Austria, mwaka 1842 akiwa Praha. Yeye hakuwa akifikiria ving'ora bali rangi za nyota. Miaka mitatu baadaye Mholanzi Buys Ballot aliamua kulipima kwa sauti, na chombo chenye kasi ya kutosha wakati huo kilikuwa treni. Katika reli ya karibu na Utrecht aliwapandisha wapiga tarumbeta kwenye treni, wakashikilia noti moja, huku wanamuziki wenye masikio makini wakisimama kando ya reli na kukadiria noti waliyoisikia. Jaribio la majira ya baridi liliharibiwa na hali ya hewa, likarudiwa Juni 1845. Sauti ilifuata hesabu ya Doppler. Kuhusu rangi za nyota, hata hivyo, Buys Ballot hakukubaliana naye.

Noti moja iliyoshikiliwa ilikuwa na maana kubwa, kwani king'ora cha leo humchanganya msikilizaji: chenyewe hupanda na kushuka muda wote. Gari linapopita, wimbo huo wote ndio unaohamia chini.

Lakini kosa linalosikika mara nyingi zaidi ni lingine. Watu wengi husema sauti huzidi kuwa nyembamba kadiri ambulensi inavyokaribia. Sivyo. Gari lenye mwendo usiobadilika, likija moja kwa moja kutoka mbali, huwa limeshafika kwenye sauti yake nyembamba kabisa, na kuanzia hapo sauti hukaa vilevile au hushuka, haipandi. Kinachopanda ni ukubwa wa sauti. Mwaka 1996 wanasaikolojia John Neuhoff na Michael McBeath walionyesha kwamba wasikilizaji huchanganya mambo haya mawili: sauti ikikua, huhisi pia kuwa inazidi kuwa nyembamba.

Namna ya kushuka hutegemea mahali mtu aliposimama, kwa sababu kinachohesabiwa ni ule mwendo tu unaomwelekea msikilizaji au kumwacha. Ambulensi ikiwa sambamba naye kabisa, haimsogelei wala haimwachi, na hapo husikia karibu sauti ileile ya king'ora kilichosimama. Kwa abiria aliye mita 5 kutoka njia ya gari, sehemu kubwa ya mshuko hukamilika ndani ya nusu sekunde, ndiyo maana sauti huonekana kuvunjika ghafla. Kwa aliyekaa barazani mita 50 kutoka barabarani, mshuko huohuo huchukua kama sekunde 5, ukiteremka taratibu. Pengo la juu na chini ni lilelile kwa wote wawili.

Na nesi? Yeye na king'ora wanakwenda pamoja, umbali kati yao hauongezeki wala haupungui. Mawimbi 700 yanayotoka kila sekunde ndiyo 700 yanayomfikia, tangu alipopakiwa mgonjwa mpaka lango la hospitali.