Jina, kazi na jambo moja

Katika utambulisho wa kuzunguka meza, kila aliyeketi husema mambo matatu: jina lake, kazi yake katika shughuli iliyowakutanisha, na jambo moja analolijua ambalo kikao kitalihitaji. Mawili ya kwanza yamezoeleka. La tatu ndilo huachwa, na nafasi yake hujazwa na kijiji cha kuzaliwa, idadi ya watoto au shukrani ndefu kwa mwaliko. Maneno hayo yana mahali pake, lakini hayakisaidii kikao kuamua lolote.

Tuchukue kamati ya maji ya kijiji, wajumbe tisa, na ajenda moja: pampu ya kisima imesimama kwa wiki mbili. Mwenyekiti akisema tu "tujitambulishe", atapata majina tisa na vyeo tisa. Akiomba jina, kazi ya mtu kwenye mradi na jambo moja analolijua kuhusu pampu hiyo, atapata mengine kabisa. Mhazina atasema benki kuna shilingi 420,000. Fundi atasema amepima mota akaikuta nzima, ila waya unaoshuka kisimani umeungua. Mwalimu atasema wanafunzi wanachota maji mtoni tangu pampu isimame. Yule ambaye angeishia kwenye neno "mjumbe" atasema yeye ndiye mshika funguo za kibanda cha pampu. Kwa hiyo, kabla ajenda haijafunguliwa, kila mtu ameshajua kwamba hakuna haja ya kubishania bei ya mota mpya.

Anayeanza ndiye anayeweka kipimo, kwa kuwa wengine humfuata. Mwenyekiti akizungumza dakika tatu na wote wakamuiga, watu tisa watamaliza dakika 27. Akitumia sekunde 20, mzunguko mzima utakwisha kwa dakika tatu. Naye ataje jambo, asitoe maoni. Mkubwa akianza kwa kusema "naona fundi ametuzembea", fundi atakuja kujitetea badala ya kueleza habari za waya, na vijana watanyamaza. Mjumbe mwingine akiteleza vivyo hivyo, hukatizwa kwa upole na kuambiwa hilo litafikiwa kwenye ajenda.

Tatizo kubwa zaidi halionekani kwa macho: watu hawasikilizani. Mwaka 1973 mtafiti Malcolm Brenner alionyesha kwamba watu wanaosoma maneno kwa zamu husahau zaidi yale yaliyosomwa muda mfupi kabla ya zamu yao. Akili inakuwa imeshughulika na zamu inayokuja. Mezani hali ni hiyo hiyo: anayengoja kusema anajiandalia maneno moyoni, na jina la jirani yake linampita. Dawa yake ni rahisi. Swali litajwe kwanza, kisha kila mtu apewe dakika moja ya kuandika jibu kwenye karatasi kabla ya yeyote kusema. Jibu likishaandikwa, masikio huwa huru. Katibu naye aandike kwenye bango, mbele ya wote, jina na jambo la kila mmoja. Majina yanahitaji uangalifu: mama anayeitwa Mama Neema mtaani ana jina jingine kwenye daftari la kamati, na muhtasari unayahitaji yote mawili.

Mahali ambapo utaratibu huu umeandikwa rasmi ni chumba cha upasuaji. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi ya mambo 19 kwa ajili ya usalama wa mgonjwa. Kabla ya ngozi kukatwa, kila aliyemo chumbani hutaja jina na kazi yake. Kisha daktari mpasuaji husema damu kiasi gani huenda ikapotea, mtoa dawa ya usingizi hutaja linalomtia wasiwasi juu ya mgonjwa huyo, na muuguzi huthibitisha kwamba vifaa vimetakaswa. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa Ifakara, Tanzania. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Hayo ni matokeo ya orodha nzima, si ya utambulisho peke yake.

Utaratibu huu una mipaka. Watu wakizidi 20 hivi, mzunguko huchosha na wa mwisho hawasikilizwi; hapo karatasi ya mahudhurio yenye safu ya "jambo moja" inatosha. Wanaofahamiana waruke majina, wabaki na jambo. Asiye na la kusema aseme amekuja kutafuta nini, na hilo pia liandikwe. Anayechelewa hasababishi mzunguko kurudiwa: mjadala husimama kidogo, hutaja yake matatu, kisha husoma bangoni yale ya wenzake.