Ubao Unaoonyesha Picha Lakini Hausikii Kidole

Shule inapofungiwa ubao wa kugusa kwa mara ya kwanza, lalamiko la awali huwa karibu lilelile. Kompyuta mpakato imeunganishwa, slaidi zinaonekana ukutani kubwa na safi, lakini mwalimu akigusa ubao hakuna kinachotokea. Wakati mwingine hutokea jambo la ajabu zaidi: anagusa ubaoni, halafu kishale kinahama kwenye kioo kidogo cha kompyuta iliyoko mezani. Hapo mtu wa kwanza anayejifanya mjuzi husema ubao unahitaji kalibresheni. Katika hali zote hizi mbili kalibresheni haihusiki kabisa. Mguso unapita njia isiyo sahihi, au hauna njia ya kupita.

Picha na mguso husafiri kwa kebo mbili tofauti, na kila kimoja kinaelekea upande wake. Kebo ya HDMI hutoa picha kwenye kompyuta na kuipeleka ubaoni. Mguso hurudi kutoka ubaoni kwenda kwenye kompyuta kwa kebo ya USB, ambayo kwa upande wa ubao huwa na kichwa cha mraba kama kile cha printa. Fundi aliyezoea kufunga televisheni huunganisha HDMI, huona picha, hukusanya vifaa vyake na kuondoka. Kebo ya pili hubaki ndani ya boksi.

Hata ikiwepo, ni lazima ichomekwe mahali pake. Mbao kubwa za siku hizi huwa na matundu kadhaa ya HDMI, na mara nyingi kila moja huwa na tundu lake la mguso, kwa kawaida limeandikwa TOUCH na namba. Mwalimu akichagua HDMI 2 kwa kitufe cha Source au Input, ubao hupeleka mguso kwenye tundu lililooanishwa na HDMI 2. Kebo ya USB ikiwa imechomekwa kwenye tundu la mguso la HDMI 1, picha itakuja na kidole kitakosa majibu, bila onyo lolote kwenye skrini. Dawa yake ni utepe wa rangi moja kwenye kebo zote mbili na kwenye matundu yake, pamoja na karatasi ndogo pembeni mwa ubao inayotaja chanzo cha kuchagua. Inafaa pia kuingia kwenye mipangilio ya ubao na kuchagua chanzo cha kuanzia, kama ubao una kipengele hicho. Usipofanya hivyo, kila umeme ukikatika na kurudi, ubao unaweza kufungua programu zake wenyewe badala ya kompyuta ya mwalimu.

Urefu wa kebo nao una mipaka. Kebo ya kawaida ya USB 2.0 haitakiwi kuzidi mita 5. Meza ya mwalimu ikiwa upande wa pili wa darasa, na kebo ikazungushwa ukutani kwa mita 8 au 10, mguso huanza kuja na kupotea, na kompyuta hutoa mara kwa mara ile sauti ya kifaa kuchomekwa na kuchomolewa. Hapo inahitajika kebo yenye kikuza mawimbi ndani yake, au meza isogezwe.

Sasa lile la kishale kuhamia mezani. Hutokea pale kompyuta inapotumia skrini mbili kwa mtindo wa Extend, yaani ubao umekuwa mwendelezo wa kioo cha kompyuta. Windows hupokea mguso, lakini haijui umetoka kwenye skrini ipi, basi huupeleka kwenye skrini kuu. Njia ya haraka ni kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na P na kuchagua Duplicate, ili skrini zote zionyeshe kitu kimoja. Mwalimu anayetaka kubaki na maelezo yake mezani afungue Tablet PC Settings na kubonyeza Setup. Skrini moja itaonyesha maandishi yanayomtaka aiguse. Ikiwa maandishi yako kwenye kioo cha kompyuta, asikiguse. Abonyeze Enter yahamie ubaoni, kisha aguse ubao. Hatua hiyohiyo huitwa moja kwa moja kwa amri hii:

```
MultiDigiMon.exe -touch
```

Njia zikishanyooka, ndipo inapofaa kuuliza kama mguso unaangukia mahali pake. Kipimo chake ni rahisi: gusa katikati ya picha, kisha ukingo wa kushoto, kisha wa kulia, na utazame kishale kinakwenda wapi. Namna kinavyokosea ndiyo inayotaja chanzo cha kosa.

Tuchukue ubao wa inchi 75 ambao upana wake ni kama sentimita 166, umeunganishwa na kompyuta ya zamani iliyowekwa kwenye 1024 kwa 768. Umbo la picha hiyo ni 4 kwa 3, ilhali ubao ni 16 kwa 9. Picha inakaa katikati ikiwa na upana wa sentimita 124 hivi, na kila upande unabaki mstari mweusi wa karibu sentimita 21. Fremu ya mguso, hata hivyo, inapima ubao wote, weusi ukiwemo. Mwalimu akigusa katikati, kishale kiko palepale. Akigusa ukingo wa kushoto wa picha, kishale kinatua kama sentimita 15 kulia kwa kidole. Akigusa ukingo wa kulia, kinatua sentimita 15 kushoto. Kosa lisiloonekana katikati lakini linaloongezeka kuelekea pembeni linatokana na umbo la picha. Tiba ni kuchagua kipimo cha 16 kwa 9, kama 1920 kwa 1080, na picha ijaze ubao. Anayekimbilia kitufe cha Calibrate kilichomo kwenye Tablet PC Settings huficha tatizo kwa kompyuta hiyo tu, na atajiletea jipya siku kipimo cha picha kitakapobadilishwa. Kitufe cha Reset palepale hufuta kalibresheni iliyokosewa.

Kalibresheni yenyewe ina kazi kubwa kwenye mbao za projekta, aina iliyoenea mashuleni baada ya kampuni ya SMART ya Kanada kutoa ubao wake wa kwanza mwaka 1991. Huko ubao na picha ni vitu viwili visivyoshikana. Projekta ikisogea kidogo tu darini, picha nzima inahama na mguso unabaki ulipokuwa, kwa hiyo kishale kinakosea upande mmoja na kwa umbali unaokaribia kulingana kila mahali, hata katikati. Kwanza projekta ikazwe na iachwe ipate joto, picha inyooshwe, ndipo programu ya ubao ifunguliwe. Misalaba hutokea mmoja mmoja. Kalamu ishikwe wima, ncha iwekwe katikati kabisa ya msalaba, itulie, kisha iinuliwe. Programu huchukua mahali paliposomwa kwa kila msalaba na kukokotoa sehemu zilizo kati yake. Misalaba minne inatosha picha iliyonyooka. Picha iliyopinda inahitaji tisa au zaidi, kama programu inaruhusu. Mwalimu mfupi asiyefikia misalaba ya juu apewe kitu imara cha kusimamia, kwa sababu msalaba uliogusiwa kwa kubahatisha unavuruga kona nzima.

Limebaki kosa moja lisilorekebishwa kwa mpangilio wowote: ubao unaochora wenyewe, au mstari mmoja usiosikia kidole. Mbao nyingi zisizo na projekta hutambua kidole kwa miale ya infraredi inayopita juu ya kioo kutoka ukingo hadi ukingo. Vumbi la chaki lililojaa kwenye fremu, karatasi iliyobandikwa ukingoni au jua la dirishani huweza kuzuia au kuvuruga miale hiyo. Ubao uzimwe, fremu ifutwe pande zote nne kwa kitambaa laini kikavu, pazia livutwe, kisha ubao uwashwe bila mtu kuugusa.