Sauti Hupoa Kwenye Karatasi Kwanza

Mhadhiri anayerekodi mhadhara wa slaidi ana sauti tu ya kumsaidia. Uso wake hauonekani, mikono haionekani, na hakuna darasa la kumwonyesha kwamba watu wameanza kusinzia. Sauti hiyo ikipoa, wengi husema hana kipaji cha kutangaza. Mara nyingi tatizo limeanzia kwenye andiko alilokuwa akilisoma.

Tuchukue mada inayofundishwa kwa Kiswahili vyuoni: usanifishaji wa Kiswahili. Slaidi ya kawaida huwa na mistari mitatu. Mwaka 1925 ulifanyika mkutano wa elimu Dar es Salaam. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano Mombasa, Kiunguja kikachaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1930 ikaanza kazi kamati ya lugha ya Afrika Mashariki. Mhadhiri huisoma ilivyo, naye mwanafunzi huwa ameshaisoma kwa macho kabla mhadhiri hajafika nusu. Mtafiti wa saikolojia ya elimu Richard Mayer ameonyesha kwamba picha inayoelezwa kwa sauti hufundisha vizuri zaidi kuliko picha ileile ikiwekewa na maandishi yanayorudia maneno ya msomaji. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuyapunguza maneno ya slaidi: ibaki ramani ya pwani, Unguja na Mombasa zikiwa zimetiwa alama, na mwaka 1928 peke yake.

Sasa tuyasikilize yale maelezo matatu. Yote yanaanza na “mwaka”, na mwaka wenyewe ni mrefu mdomoni. “Elfu moja mia tisa ishirini na tano” ni silabi 15, na zikirudi sentensi baada ya sentensi, hata mtangazaji hodari atashuka na kupanda palepale. Jicho huuona 1925 kwa kupepesa. Ulimi unaulipia kwa pumzi. Taja kwa ukamilifu mwaka ule mmoja unaobeba hoja, na mingine uieleze kwa kuihusisha nao: miaka mitatu kabla, miaka miwili baadaye.

Baada ya hapo tafuta swali ambalo slaidi inalijibu. Hapa swali lipo, tena limejificha Mombasa kwenyewe. Andiko linaweza kuwa hivi:

“Mtoto wa Mombasa nyumbani husikia ndia. Akifika shuleni, kitabu kinamwambia njia. Nani aliamua hivyo? // Uamuzi ulifanyika mjini kwao. Mwaka elfu moja mia tisa ishirini na nane, wajumbe kutoka nchi za Afrika Mashariki zilizotawaliwa na Waingereza walikutana Mombasa, wakakubaliana kwamba msingi wa Kiswahili sanifu uwe Kiunguja. / Si Kimvita.”

Sentensi moja ni ndefu, kwa sababu inabeba tukio. Zinazoizunguka ni fupi, na ile ya mwisho ina maneno mawili tu. Huwezi kuzisoma zote kwa mwendo mmoja hata ukitaka. Mkwaju mmoja ni kituo kifupi. Miwili ni kituo cha kumpa msikilizaji nafasi ya kujiuliza, na hapo ndipo ramani inapotokea. Ndiyo maana napendelea andiko la safu mbili: kushoto kinachoonekana na mahali pa kubonyeza, kulia kinachosemwa. Bila safu ya kushoto, mhadhiri husema “kama mnavyoona hapa” wakati hapo hakuna kitu.

Urefu nao huupangi kwa kipimo cha maneno 150 kwa dakika kinachotajwa sana kwa Kiingereza. Neno letu moja, kama “hawakukubaliana”, linabeba kazi ya maneno kadhaa, hivyo hesabu hiyo itakukimbiza. Soma andiko lako kwa sauti dakika moja, hesabu ulipofika, kisha ukate mhadhara katika vipande. Mwaka 2014 Philip Guo na wenzake walichunguza video za masomo kwenye jukwaa la edX, wakaona watazamaji hudumu zaidi na zile zisizozidi dakika sita.

Kuna hatari ya upande wa pili. Mhadhiri akiambiwa asipooze, hujaza alama za mshangao na kuigiza. Msisitizo wa Kiswahili tayari umo kwenye muundo: “Kiunguja ndicho kilichochaguliwa” huivuta sauti mahali panapostahili pasipo kupaza. Ukiona umepigia mstari maneno matatu katika sentensi moja, iandike upya.

Rekodi kila slaidi kama faili lake, kisha sikiliza bila kutazama picha. Sikiliza miisho. Sentensi nne zikishuka kwa namna moja zikifuatana, usianze kwa kurekodi tena. Rudi kwenye andiko, uvunje moja au uigeuze iwe swali, ndipo urekodi faili hilo tu.