Mkazo wa tatu ni sifuri, na lazima uhesabiwe

Swali ni lile lile, liwe limetoka kwa mwanafunzi wa uhandisi mitambo au kwa fundi anayechomelea mitungi ya kompresa: "Ukuta wa mtungi ni mwembamba, mkazo unaopita kwenye unene wake ni sifuri. Mbona unanirudisha kwenye pande tatu wakati mbili zinatosha?" Nimelijibu darasani na karakanani hadi nimechoka. Hazitoshi. Anayeacha upande wa tatu anaandika kwenye karatasi nusu tu ya mkazo wa kukata ulioko ndani ya chuma, na mtungi haujui kilichoandikwa kwenye karatasi.

Tuchukue mtungi wenyewe, ule wa gereji, mwili wake mviringo kama bomba pana. Nusu kipenyo ni milimita 250, ukuta milimita 3, presha ya hewa ndani bar 12, yaani MPa 1.2. Mkazo unaouzunguka mwili ni presha mara nusu kipenyo, gawanya kwa unene: MPa 100. Mkazo unaovuta kwa urefu ni nusu ya huo: MPa 50. Kwenye uso wa nje hakuna kinachosukuma ukuta ila hewa ya kawaida, ambayo geji huihesabu kuwa sifuri. Kwa hiyo mikazo mikuu ni mitatu: 100, 50 na 0.

Muulizaji wetu anaona miwili. Anachora duara moja la Mohr kati ya 100 na 50, anachukua nusu ya tofauti na kupata MPa 25. Hesabu yake ya kutoa na kugawanya haina kosa. Hiyo 25 kweli ndiyo kubwa kuliko zote, lakini ni kwa mikato iliyosimama wima kwenye ukuta na kugeuzwa huku na huku juu ya uso wake. Mikato inayolala, ile inayokata unene kwa mshazari, hajaiangalia hata mmoja. Kati ya 100 na 0 kuna duara kubwa zaidi, na nusu ya tofauti yake ni MPa 50. Huo ndio mkazo wa kukata ulio mkubwa kabisa katika nukta ile, na uko kwenye mkato unaoingia ukutani kwa nyuzi 45. Ni mara mbili ya alioupata.

Najua jibu linalofuata: "Lakini sifuri si mkazo." Mkazo wa kukata hutokana na tofauti, na sifuri ni upande mmoja wa tofauti hiyo. Chumbani mkiwa watu watatu, mmoja ana shilingi laki moja, mwingine elfu hamsini na wa tatu hana kitu, pengo la chumba kile ni laki moja. Huwezi kumtoa yule asiye na kitu nje halafu ukatangaza kwamba pengo limepungua.

Anayebisha bado aiangalie namba anayoitegemea kila siku. Ile MPa 250 ya chuma laini ilipatikana kwa kuvuta kipande kwenye mashine mpaka kikaanza kurefuka bila kurudi. Mikazo mikuu ya kipande kile ni 250, 0 na 0. Mhandisi Mfaransa Henri Tresca alitoa hoja mwaka 1864 kwamba metali huanza kutiririka mkazo wa kukata unapofikia kiwango fulani, na kwa chuma hiki kiwango hicho ni nusu ya 250, yaani MPa 125. Hiyo 125 imetoka wapi kama si kwenye tofauti ya 250 na sifuri? Mtu anaikubali sifuri kwenye jaribio, kisha anaikataa kwenye mtungi uliotengenezwa kwa chuma kile kile.

Sasa mpe tufe. Tangi la duara lenye nusu kipenyo, ukuta na presha ile ile lina MPa 50 kila upande juu ya uso wake. Tofauti ya 50 na 50 ni sifuri. Kwa kanuni ya bapa, ile inayoangalia mikazo miwili ya juu ya uso peke yake, tufe halina mkazo wa kukata hata chembe, na kwa kipimo cha Tresca lisingeanza kulegea kamwe, ulijaze bar 12 au bar 1,200. Hakuna fundi anayeamini hivyo, lakini ndivyo kanuni aliyoishikilia inavyosema. Ukiweka sifuri mahali pake unapata nusu ya 50, MPa 25, na akili inarudi.

Chuma chenyewe pia hutoa ushahidi. Mtungi wa chuma laini ukipasuka kwa presha, pitisha jicho kwenye ukingo wa mpasuko. Mara nyingi utaona unene umekatwa kwa mshazari, karibu nyuzi 45, ukingo umekuwa kama makali ya patasi. Ni mkato ule ule unaoingia ukutani, ambao hesabu ya bapa haikuugusa.

Imani hii inadumu kwa sababu kuna mahali haidhuru. Mhimili unaosokotwa una mkazo mkuu mmoja wa kuvuta na mwingine wa kusukuma, tuseme 60 na −60. Sifuri inakaa katikati yao, duara kubwa tayari ni lile la bapa, na jibu ni 60 kwa njia zote mbili. Wanafunzi huanza na mihimili, wanazoea, kisha wanaibeba kanuni hadi kwenye mitungi, ambako mikazo yote miwili inavuta na sifuri iko chini kabisa.

Gharama yake ni hii. Kwa 25, fundi anadhani ana usalama wa mara 5. Kwa 50, anao wa mara 2.5. Maji yanayotulia chini ya mtungi yakiula ukuta hadi milimita 1.5, mkazo wa kuzunguka hufika 200 na wa kukata 100. Karatasi ya bapa bado inamwambia mara 2.5. Ukweli ni mara 1.25, kabla hujahesabu udhaifu wa welding na matundu ya bomba.

Basi fanya hivi. Panga mikazo mikuu mitatu kwa ukubwa, sifuri ikiwemo, toa mdogo kwenye mkubwa, gawanya kwa 2. Miwili ya bapa ikiwa na alama moja, chukua nusu ya ule ulio mbali zaidi na sifuri. Ikiwa na alama tofauti, hesabu ya bapa inatosha. Kwenye uso wa ndani, wa tatu si sifuri bali ni presha yenyewe kwa alama ya kutoa, hivyo mtungi wetu unapata 50.6. Ukuta mnene, nusu kipenyo kikiwa chini ya mara kumi ya unene, achana na kanuni hizi nyepesi utumie za Lamé. Ukitumia von Mises kosa hili halikupati, kwani sifuri imeshaingia ndani ya kanuni: mtungi wetu unatoa 86.6, ulinganishe na 250, siyo na 125. Programu ikikupa `Stress Intensity`, hiyo ni tofauti nzima kabla ya kugawanya kwa 2, kwa hiyo nayo inalinganishwa na 250. Na unene usiukisie kwa kugonga na nyundo. Pima kwa kipimo cha mawimbi ya sauti, uanzie chini, karibu na koki ya kutolea maji.